Fundi aliyelipa sauti jokofu la chanjo

Jumatatu ile asubuhi muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto alifungua chumba cha chanjo, akatupia jicho kipimajoto cha jokofu kama afanyavyo kila siku, akasimama palepale. Kilisoma nyuzi 14. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana, siku za kazi na za sikukuu. Akajaribu kuwasha taa ya chumba, haikuwaka. Akatoka nje kuangalia mita: uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha.

Kijiji kizima kilikuwa na umeme. Hilo ndilo linalomuuma mlinzi wa zahanati hadi leo. Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili aliziona taa za maduka ng'ambo ya barabara, akaona baraza la zahanati liko giza, akadhani balbu imeungua. Zahanati hufungwa mwisho wa juma, na yule aliyepangiwa zamu ya kuja kusoma joto la jokofu hakuja. Kwa hiyo, kwa saa zaidi ya thelathini, mtu pekee aliyekuwa karibu na chanjo zile ni mzee mwenye tochi na rungu, ameketi mita 25 kutoka kwenye jokofu, na hakuna aliyemwambia kitu.

Zahanati hiyo iko pwani ya kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Nilikubaliana na watumishi wake nisiitaje kwa jina, wala wao wenyewe. Nilikwenda kwa sababu ya mteknolojia msaidizi wa maabara, kijana ambaye kijijini hakuna anayemwita kwa cheo chake. Wanamwita Fundi, kwa kuwa jioni hutengeneza redio na simu za watu kwenye meza ya jikoni kwake. Baada ya mkasa wa jokofu alitengeneza kengele, akaikosea mara tatu, na ya nne ndiyo inayofanya kazi. Hayo makosa matatu ndiyo yaliyonivuta kwenda.

Ndani ya jokofu lile kulikuwa na kifaa cha kurekodi joto, kile kidogo cha plastiki kinachohifadhi kumbukumbu za siku 30 na ambacho kipo katika zahanati nyingi. Kinapoona joto limepita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au limeshuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60, huweka alama ya hatari kwenye kioo chake. Kwa hiyo Jumatatu ile kifaa kilikuwa kinajua yote: saa joto lilipopanda, lilipanda hadi wapi, na kwa muda gani. Kiliandika kila kitu kwa uaminifu ndani ya boksi lililofungwa, katika chumba kilichofungwa, bila kutoa sauti.

Muuguzi, ambaye wote humwita Sista, alimpigia mratibu wa chanjo wa wilaya kisha akaanza kukagua kichupa kimoja kimoja. Vichupa vya chanjo vina alama ndogo ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba huanza ukiwa umepauka kuliko duara na hukolea taratibu kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, na ukifikia weusi wa duara linalouzunguka, kichupa hicho hakitumiki tena. Siku ile miraba yote ilikuwa bado imepauka. Nyuzi 14 kwa siku moja na nusu si jambo jema, lakini si jambo la kuua chanjo. Mratibu akaagiza vichupa viwekewe alama, vitumike kwanza. Hawakumwaga hata kimoja.

Hasara ilikuja usiku uliofuata, na ilikuja kwa nia njema. Uniti ziliponunuliwa na jokofu likaanza kunguruma, mtu mmoja alizungusha swichi ya baridi kutoka namba 3 hadi 7 ili lishike baridi haraka. Hakuna aliyerudi kuipunguza. Jokofu lenyewe ni la nyumbani, la mlango wa mbele, la zamani. Jumanne asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri, na kile kifaa cha kurekodi kilikuwa na alama ya pili ya hatari, safari hii ya upande wa chini.

Watu wengi wanaogopa joto na kuiona baridi kuwa rafiki wa chanjo. Kwa matone ya polio na chanjo ya surua hofu hiyo ina mantiki. Lakini pentavalenti, ile sindano moja inayomkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, haivumilii kuganda. Vivyo hivyo chanjo ya pepopunda wanayopewa wajawazito. Ndani yake kuna chembe ndogo za chumvi ya alumini zinazobeba kiini cha chanjo na kuuamsha mwili. Maji yakiganda, chembe zile husukumwa pamoja na kushikana mabonge. Barafu ikiyeyuka mabonge hayaachani tena. Chanjo inabaki kwenye kichupa, rangi ni ileile, na ule mraba wenye kukolea hausemi chochote, kwa sababu unapima joto tu. Ungemchoma mtoto chanjo iliyoharibika ukiwa na hakika kabisa kwamba umemkinga.

Njia ya kujua ni kutikisa, na Fundi ndiye aliyeifanya maana maabara ni yake. Alichukua kichupa kimoja cha pentavalenti, cha kiwanda kilekile na toleo lilelile, akakigandisha makusudi usiku kucha hadi kikawa jiwe, kisha akakiacha kiyeyuke. Hicho ndicho kichupa cha kulinganishia. Akakishika mkononi pamoja na kichupa kinachoshukiwa, akavitikisa pamoja, akaviweka mezani mbele ya dirisha. Chanjo nzima hubaki kama maji ya mchele kwa muda mrefu. Iliyoganda huanza kutengana: juu maji maangavu, chini mashapo. Ndani ya nusu saa kichupa cha kushukiwa kilikuwa kimetulia sawasawa na kile kilichogandishwa. Akarudia na kingine, na kingine. Siku ile pentavalenti yote na chanjo yote ya pepopunda ziliingia kwenye boksi la kuteketezwa. Akina mama waliotembea na watoto mgongoni waliambiwa warudi wiki ijayo.

Mkasa huu si wa zahanati moja. Mwaka 2007 jarida la kitaalamu la Vaccine lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali, ukaonyesha kuwa kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu na safari za kusafirishia chanjo zilizifikisha chanjo kwenye baridi ya kugandisha. Shirika la Afya Duniani halishauri jokofu la nyumbani litumike kuhifadhi chanjo, na lina orodha yake ya majokofu yaliyopimwa kwa kazi hiyo. Zahanati ilikuwa imeshaomba moja. Likisubiriwa, lile la zamani liliendelea kunguruma.

Wiki ile Fundi alipanda basi kwenda Dar es Salaam kwa shughuli za nyumbani, akapita Kariakoo. Alirudi na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na mikrokontrola ya Arduino Nano, ambayo ni kompyuta ndogo ya upana wa kidole gumba yenye uwezo wa kufanya jambo moja usiku na mchana bila kuchoka, vihisi joto vitatu vya aina ya DS18B20, kila kimoja kikiwa ndani ya kifuniko cha chuma cha pua kisichoingiza maji, baza mbili, transista, rezista, taa ndogo na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Gharama yote haikufika shilingi 60,000, na ilitoka mfukoni mwake.

Hakuanza na kengele. Alianza na barafu, kama mtu wa maabara. Alisaga barafu ya maji safi, akaijaza kwenye chupa ya chai, akaongeza maji kidogo hadi ikawa uji, akatumbukiza vihisi vyote vitatu na kusubiri dakika 10 huku akikoroga. Uji wa barafu na maji hukaa kwenye nyuzi sifuri, hauhitaji cheti cha mtu. Kihisi cha kwanza kilisoma 0.3. Cha pili 0.4. Cha tatu kilisoma 1.9, akakitupa. Mtengenezaji wa vihisi hivi anaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi, lakini sokoni bandia ni nyingi na kwa macho hazitofautiani. Kama angekifunga hicho cha tatu bila kukipima, jokofu lingekuwa linagandisha chanjo huku kengele ikiamini kuna karibu nyuzi 2.

Kengele ya kwanza ilikamilika kwa jioni mbili. Kihisi kilining'inia katikati ya rafu, mikrokontrola iliwekwa juu ya jokofu, na umeme ulitoka kwenye chaja ya simu iliyochomekwa kwenye soketi ya pembeni. Alipoijaribu baza, haikulia. Ilitoa mlio mmoja tu, "tik", kama mtu aliyegonga meza kwa kucha. Baza ziko za aina mbili na zinafanana sura: moja ina saketi yake ya ndani, ukiipa umeme inalia yenyewe; nyingine ni mdomo mtupu, ni lazima mikrokontrola iipigie mawimbi. Alikuwa ameshika hiyo ya pili. Akabadilisha, ikalia hadi Sista akaziba masikio. Iliendeshwa kupitia transista, kwa kuwa mguu mmoja wa mikrokontrola haufai kubebeshwa mzigo wa baza peke yake.

Siku ya kliniki ikafichua kosa la kwanza. Kila Sista alipofungua mlango kuchukua kichupa, hewa ya joto ilikipiga kihisi na kengele ikalia. Ilipofika saa nne asubuhi ilikuwa imelia mara 11, na saa tano mtu alichomoa waya. Sista hakuficha: "Fundi, kitu kinacholia kila saa hakisikiki."

Tatizo ni kwamba kihisi kilikuwa kinapima hewa, wakati kinachotakiwa kulindwa ni kilichomo kwenye kichupa. Hewa hubadilika kwa sekunde, kimiminika huchukua dakika nyingi. Kwa hiyo Fundi alichukua kichupa kitupu cha dawa, akakijaza glisirini ya famasi, akakizamisha kihisi ndani yake na kuziba mdomo. Sasa kihisi kinahisi kama chanjo inavyohisi. Mlango ukifunguliwa kwa nusu dakika, namba haitikisiki. Ukisahaulika wazi, inapanda polepole na kwa uhakika. Alikihamishia pia karibu na ukuta wa nyuma, mahali penye baridi kuliko kwingine ndani ya jokofu lile, maana pakiwa salama pale, kwingine hakuwezi kuganda.

Waya wake nao ulikuwa na somo. Ulikuwa wa mviringo, na raba ya mlango haikuufunika vizuri. Ndani ya siku chache ukungu wa barafu ulianza kujijenga mahali waya ulipopita, ishara kwamba hewa inaingia. Wengine wangetoboa jokofu. Fundi alikataa, kwa sababu ndani ya kuta hizo hupita mabomba ya gesi na tundu moja tu lingelimaliza. Alikata waya mahali unapovuka raba, akaunganisha kipande cha waya bapa upande wa bawaba, raba ikalala juu yake.

Kisha ikabaki swali la lini kengele ilie. Mwanzo aliiga vile vipimo vya kifaa cha kurekodi: saa 10 juu ya nyuzi 8, dakika 60 kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Akayafikiria tena akaona yamekaa vibaya kwa kazi yake. Vipimo vile ni vya hukumu. Vinakueleza ni wakati gani chanjo inapaswa kushukiwa. Kengele inatakiwa ilie kukiwa bado kuna cha kuokoa. Akaamua upande wa baridi kengele ilie joto likikaa nyuzi 1 au chini yake kwa dakika 10, na upande wa joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 1. Hakusubiri sifuri kwa sababu kihisi chake kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi, na nusu hiyo ikielekea upande mbaya chanjo zingekuwa zimeshaingia kwenye hatari huku kioo kikisoma sifuri.

Nilimwomba anionyeshe sehemu ya baridi katika programu yake. Ni mistari michache tu:

```
joto = sensa.getTempCByIndex(0) - 0.3;
if (joto > 1.0) {
  mwanzoBaridi = millis();
}
kengeleBaridi = (millis() - mwanzoBaridi >= 600000UL);
```

Ile 0.3 ni kosa lililoonekana kwenye uji wa barafu, nalo linaondolewa kila usomaji. `millis()` ni saa ya ndani inayohesabu sehemu za elfu za sekunde. Kila mara joto linapokuwa juu ya nyuzi 1, saa ya baridi inarudishwa mwanzo. Ikipita dakika 10, yaani 600,000 kwa hesabu hiyo, bila kurudishwa, kengele inalia. Kabla ya mistari hii kuna mingine inayokagua kama kihisi chenyewe ni kizima. Waya ukikatika, programu hupewa namba -127. Umeme wa kihisi ukiyumba, huja 85, ambayo ndiyo namba kihisi hiki huamka nayo kabla hakijapima chochote. Anayezijua namba hizi mbili hatakimbilia kuhamisha chanjo. Atatafuta waya uliokatika.

Kosa la pili Fundi huliita la aibu, ingawa mimi nadhani wengi wetu tungelifanya. Kengele ilikuwa inakula umeme kutoka soketi ileile inayolisha jokofu. Uniti zikiisha, jokofu linakufa na kengele inakufa nalo sekunde hiyohiyo. Mkasa wa mwanzo kabisa, ule uliomfanya aanze kazi hii, kengele yake isingeuona. Aligundua siku alipochomoa jokofu makusudi kulijaribu, akakaa akisubiri mlio, kisha akatazama taa ndogo ya mikrokontrola na kuona imezima.

Akaweka pawabenki katikati. Usiku wa kwanza ilifanya kazi kwa dakika chache tu, kisha ikajizima. Pawabenki nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya simu: zikiona kinachonyonywa ni kidogo sana, hudhani simu imejaa, zinafunga. Kengele yake hunyonya umeme mdogo mno, kiasi kwamba pawabenki haikuamini kuna kitu kimechomekwa. Hatimaye alitumia betri moja mpya ya lithiamu ya aina ya 18650, pamoja na kibao kidogo kinachoichaji na kuipandisha hadi volti 5. Kwa hesabu yake betri ile ingeibeba kengele saa 50 na kitu. Hakuiamini hesabu. Ijumaa saa kumi na moja jioni alichomoa waya wa ukutani, na Jumapili jioni taa yake ndogo ya kijani ilikuwa bado inapepesa.

Hiyo taa ya kijani naipenda kuliko sehemu nyingine zote za kifaa. Inapepesa mara moja kila sekunde 10, basi. Kengele iliyotulia kwa sababu mambo ni salama na kengele iliyokufa zote ziko kimya, na anayepita mlangoni hawezi kuzitofautisha. Taa ikiacha kupepesa, mtu anajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Alipokuwa na betri, jambo jingine likawezekana. Aliunganisha mguu mmoja wa mikrokontrola na ile chaja ya ukutani ili ujue kama umeme upo. Ukikosekana kwa dakika 15, baza hutoa mlio mfupi kila dakika. Hapo joto la jokofu halijaanza hata kupanda. Kati ya mlio huo na nyuzi 8 kuna saa kadhaa za kutafuta uniti au kuandaa kisanduku baridi.

Kosa la tatu halikuwa la saketi. Usiku mmoja wa mvua Fundi aliiliza kengele kisha akaenda kuketi na mlinzi chini ya kibanda chake. Hawakusikia chochote. Baza ilikuwa nyuma ya milango miwili iliyofungwa, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Kengele nzima, pamoja na barafu yake na glisirini yake na betri yake, ilikuwa inalililia jokofu peke yake.

Kesho yake alivuta waya wa nyuzi mbili, mita 25, kupitia chini ya dari hadi kibandani, akafunga baza ya pili pale. Alikuwa amepanga milio minne tofauti: wa umeme, wa joto, wa baridi na wa hitilafu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi usiku nasikia vyura, mvua na bodaboda. Hiyo minne nitaichanganya. Nipe miwili. Mmoja wa kupiga simu kwako, mmoja wa kupiga simu kwa Sista."

"Sawa, Mzee," Fundi akajibu, akarudi kufuta nusu ya kazi yake.

Sasa mlio wa kukatika maana yake hakuna umeme au kihisi kina hitilafu, aamshwe Fundi. Mlio wa mfululizo maana yake joto limetoka kwenye mstari, aamshwe Sista. Ukutani kibandani kuna karatasi yenye namba mbili za simu kwa maandishi makubwa. Mzee hatakiwi kufungua chumba wala kugusa jokofu. Kuna kitufe cha kunyamazisha, lakini kinanyamazisha kwa dakika 30 tu, halafu mlio unarudi mpaka joto lirudi mahali pake.

Nilimuuliza Fundi kwa nini asiweke kifaa cha kutuma ujumbe wa simu moja kwa moja kwa Sista. Alikuwa amelifikiria. Laini inahitaji salio, na kilichowaangusha mara ya kwanza ni salio la umeme lililoisha bila mtu kujua. Mtandao wa pale hupotea mvua ikinyesha. Kifaa hicho pia hunyonya umeme mwingi ghafla kinapotuma, na betri yake moja ingeyumba. Ataliongeza siku moja, alisema, lakini si badala ya mzee.

Kengele ilikuwa na majuma machache tangu ikamilike pale ilipoitwa kazini, katika masika ya Aprili, saa nane na dakika ishirini usiku. Mlinzi alisikia mlio wa mfululizo. Akampigia Sista, ambaye anaishi nyumba za watumishi, mwendo wa dakika tatu. Alipofungua chumba, kioo kilisoma 0.8 na jokofu lilikuwa linanguruma bila kupumzika. Hakupoteza muda kutafuta sababu. Alichomoa waya wa jokofu, akahamisha vichupa vyote kwenye kisanduku baridi na kuvizungushia pakiti za maji ya baridi zilizokuwa zimepangwa sehemu ya chini ya jokofu. Maji ya baridi, si barafu: kuviweka vichupa vilivyokaribia kuganda juu ya barafu kungemaliza kazi ambayo jokofu lilikuwa limeianza.

Asubuhi Fundi alifungua themostati. Ncha zake mbili zinazogusana na kuachana zilikuwa zimeungua na kushikana, kwa hiyo kompresa haikuwa ikipata amri ya kuzima. Namba ya swichi isingesaidia kitu. Kisha wakatoa kile kifaa cha kurekodi, kwa sababu ndicho chenye neno la mwisho na si kengele ya Fundi. Joto la chini kabisa la usiku ule lilikuwa nyuzi 0.3 juu ya sifuri. Hakukuwa na alama ya hatari. Hapakuwa na haja ya kutikisa kichupa. Kliniki ilifunguliwa saa mbili kama kawaida, na pentavalenti ikatolewa.

Fundi ni wa kwanza kutaja mipaka ya kifaa chake. Hakijaidhinishwa na mamlaka yoyote. Kinapima nukta moja tu ndani ya jokofu. Betri yake itazeeka, kihisi kitapotoka, ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu anarudia uji wa barafu. Daftari la joto linaendelea kujazwa asubuhi na jioni kama lilivyokuwa, na mwisho wa juma zamu sasa ina jina la mtu na jina la wa akiba. Ameongeza safu moja tu kwenye daftari: kila Jumatatu mtu anakitoa kihisi kwenye glisirini, anakishika kwenye kiganja hadi namba ipite 8, na kwa kitufe cha majaribio kinachoruka ile saa moja ya kusubiri, anahakikisha baza ya kibandani imelia. Wiki niliyokuwapo sahihi kwenye safu hiyo ilikuwa ya mlinzi.

Jokofu waliloliomba bado halijafika. Kwako mganga mfawidhi unayesoma haya Jumamosi ukiwa nyumbani: uniti za zahanati yako zimebaki ngapi, na kioo cha kile kifaa ndani ya jokofu kinaonyesha nini sasa hivi? Kama hujui, mpigie simu aliye zamu aende akatazame. Kama hakuna aliye zamu, nenda mwenyewe.